Kifaransa au Kiarabu kwa muagizaji wa Kariakoo

"Naagiza taulo na mashuka Dubai, nauza jumla Kariakoo, na baadhi ya wateja wangu wanatoka Lubumbashi. Sasa nataka kwenda kununua Misri. Kiswahili na Kiingereza ninavyo. Lugha ya tatu iwe Kifaransa au Kiarabu?"

Tuiondoe Dubai kwanza, maana ndiyo inayowapa watu hamu ya Kiarabu bila sababu. Kwenye maduka ya jumla ya Deira, nyuma ya kaunta mara nyingi utamkuta Mhindi, Mpakistani au Mwirani, na biashara inakwenda kwa Kiingereza, Kihindi na Kiurdu. Ankara nayo unapewa kwa Kiingereza. Muscat wako Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanaoongea Kiswahili safi. Kwa masoko hayo mawili, Kiarabu hakitakushushia bei.

Misri ni habari nyingine. Taulo na mashuka ya pamba yanafumwa kwa wingi Mahalla al-Kubra, kwenye delta ya Mto Nile, na Kairo unayakuta kwa jumla maeneo ya Al-Azhar na Al-Muski. Huko Kiingereza cha muuzaji kinaweza kuishia kwenye salamu, kwa hiyo unatembea na mkalimani. Tuseme mzigo wako ni wa dola 20,000 na mkalimani anachukua asilimia 3: hizo ni dola 600 kila safari. Hizo zinavumilika. Kinachouma zaidi ni kwamba huwezi kujua kama mwenye duka naye anamkatia mkalimani chake juu ya bei uliyotajiwa.

Halafu kuna tarakimu. Misri vibandiko vingi vya bei huandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, ambako sita inafanana na saba yetu, tano ni kama duara, na sifuri ni nukta tu. Bei ya 650 inaandikwa ٦٥٠, na jicho la mgeni linasoma 70. Mtu anafurahia taulo za bei ya kutupa, anachagua rangi na kufungisha marobota, kisha hesabu inakuja mara tisa ya alivyodhani. Tarakimu hizo kumi zijifunze kabla ya safari hata kama lugha yenyewe utaiacha. Ni kazi ya jioni moja.

Lugha yenyewe si ya jioni moja. Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria takriban wiki 30 za darasa la kutwa kwa Kifaransa na 88 kwa Kiarabu. Makadirio hayo ni ya wazungumzaji wa Kiingereza. Mswahili ana nafuu ya maneno, na aliyepita madrasa herufi anazisoma tayari. Lakini madrasa inafundisha Kiarabu cha kitabuni, wakati muuzaji wa Al-Azhar atakutumia sauti ya WhatsApp kwa Kimisri cha mtaani. Unaweza kusoma lebo yote ya taulo na bado usiambulie kitu kwenye sauti ya nusu dakika.

Kifaransa, kwa upande wako, ni lugha ya kuuzia, na cha ajabu ni kwamba hukihitaji sana mdomoni. Mteja wa Lubumbashi anaongea Kiswahili; chake kina lafudhi na maneno yake, lakini mnaelewana. Kifaransa kinaanzia mzigo unapovuka Zambia na kufika Kasumbalesa, ambako forodha ya Kongo inafanya kazi kwa Kifaransa. Wakala wa mteja ndiye anayejaza fomu, ila anaijaza kutokana na ankara na orodha ya vifurushi uliyoandika wewe.

Hapo ndipo kosa dogo linapogeuka gharama. Umeuza taulo pamoja na tishu za mezani, ukaandika tishu hizo "serviettes" kama maboksi yalivyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa neno hilo peke yake linaweza kuwa taulo pia. Taulo za pamba ziko kwenye kundi la ushuru 6302, tishu za mezani za karatasi ziko 4818. Ofisa akikuta maboksi hayalingani na karatasi, lori linasimama, na mteja anakupigia simu wewe. Dawa yake ni kuandika "serviettes en papier", kisha namba ya kundi pembeni.

Kifaransa cha namna hiyo ni majina ya bidhaa zako, vipimo, namba na masharti ya malipo. Kwa miezi michache ya madarasa ya jioni, kwa mfano Alliance Française pale Upanga, unaweza kukishika ukimwambia mwalimu mapema kwamba unataka kusoma ankara. Kina faida ya pembeni pia: Moroko na Tunisia karatasi nyingi za biashara huandikwa kwa Kifaransa.

Kwa hiyo, kama Misri bado ni wazo tu, ningekuambia uanze na Kifaransa, kwa sababu wateja wa Lubumbashi unao tayari na lugha yenyewe inakamatika haraka. Kama umeshaamua kununua Kairo kila msimu kwa miaka, Kiarabu kitakulipa zaidi, kwa kuwa bei unayopata pale inagusa kila taulo utakayouza, na Kongo ni sehemu tu ya mauzo yako. Ila usijiandikishe popote kabla ya kuomba sauti mbili tatu kutoka duka la Kairo unalolilenga. Mpe mwalimu azisikilize. Akishindwa kukueleza bei na siku ya kutoa mzigo iliyotajwa humo, tafuta mwingine, hasa Mmisri anayeishi hapa Dar.