Aya ya mwisho isirudie aya ya kwanza

Nasoma rasimu nyingi za maelezo binafsi, ile insha ya ukurasa mmoja au miwili inayoambatana na maombi ya chuo, na nikifika aya ya mwisho mara nyingi najua kitakachosemwa kabla sijasoma. Itaanza na "Kwa kumalizia" au "Kama nilivyoeleza hapo juu". Itataja tena mapenzi ya tangu utotoni, itataja bidii na kujituma, kisha itaomba nafasi. Wengine huongeza "Natanguliza shukrani zangu za dhati", kana kwamba wanaandika barua ya kuomba likizo.

Tabia hii tumeitoa darasani. Tulifundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na hitimisho ni kukusanya yaliyosemwa. Kwa hoja ndefu yenye kurasa ishirini ushauri huo una mantiki, maana msomaji anaweza kuwa amesahau ulikoanzia. Lakini msomaji wa maombi alisoma aya yako ya kwanza dakika tatu zilizopita. Hajasahau kitu. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, inakupa maneno 650 tu. Ukitumia 90 kurudia, umetupa karibu sehemu moja ya saba ya nafasi yako, tena mahali ambapo msomaji anajiuliza: sawa, huyu tukimchukua atakuja kufanya nini hapa?

Kwa maoni yangu, aya ya mwisho ndiyo inayopaswa kujibu swali hilo. Ugumu ni kwamba mtu akiambiwa "andika kuhusu mbele" hurukia mbali mno. Nieleze kwa mfano wa kutunga, ila unafanana na rasimu nyingi nilizopitia.

Muuguzi anaomba shahada ya uzamili ya epidemiolojia, fani inayochunguza jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea kwa watu. Amefanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka minne. Katikati ya insha yake kuna kisa kizuri: alianza kuandika kwenye daftari kina mama waliojifungua kwa upasuaji, kisha wakarudi na vidonda vilivyopata maambukizi. Akaona wengi wao ni wale walioruhusiwa mapema. Alipompelekea daktari wa zamu, daktari akamuuliza: "Na wale waliobaki wodini, wakipata maambukizi humohumo, unawahesabu wapi?" Hakuwa na jibu. Daftari lake lilikuwa na waliorudi tu.

Baada ya kisa hicho, aya yake ya mwisho inasema hivi:

"Kwa kumalizia, mapenzi yangu kwa afya ya mama na mtoto yalianza nikiwa mdogo na yamekua kila mwaka. Uzoefu wangu wodini na moyo wa kujituma vimeniandaa vyema kwa masomo haya. Naamini nikipewa nafasi nitatimiza ndoto yangu."

Ichukue aya hiyo, toa "Kwa kumalizia", ipeleke juu kabisa ya insha. Inakaa bila shida, na hiyo ni dalili ya kwanza kwamba ni utangulizi uliovaa nguo nyingine. Sasa ifute. Hakuna taarifa iliyopotea. Halafu badilisha "afya ya mama na mtoto" iwe "uhandisi wa maji" na "wodini" iwe "kazini": bado inasomeka. Aya ikishindwa majaribio yote matatu, haina kazi.

Akishauriwa atazame mbele, rasimu ya pili inakuja hivi: "Baada ya miaka kumi nitaanzisha taasisi ya kimataifa itakayokomesha vifo vya wazazi." Kusema kweli, hii naiona mbaya kuliko ile ya kwanza. Ile ilichosha tu, hii inaleta shaka. Hakuna chochote kwenye insha kinachoonyesha daraja kati ya daftari la wodini na taasisi ya kimataifa, na msomaji anayeijua fani anajua shahada ya miaka miwili haimfikishi mtu huko.

Mbele ya kweli ya huyu muuguzi iko ndani ya insha yake mwenyewe, kwenye swali la daktari. Hapo ndipo ujuzi wake ulipogota, na hicho ndicho anachokifuata chuoni. Kwa hiyo aya inaweza kuandikwa hivi:

"Swali la daktari yule bado sijalijibu. Ili nilijibu, nahitaji kujua namna ya kuwafuatilia kina mama wote waliofanyiwa upasuaji, si wale wanaorudi tu, na kutenganisha athari ya siku ya kuruhusiwa na hali aliyokuwa nayo mama alipoingia chumba cha upasuaji. Ndiyo maana natazamia hasa somo la takwimu za tiba na mradi wa utafiti wa mwaka wa pili. Nikimaliza nataka kurudi wodini na fomu fupi ya ufuatiliaji ambayo muuguzi wa zamu anaweza kuijaza, ili uamuzi wa nani aruhusiwe lini uwe na takwimu nyuma yake."

Tazama inavyofanya kazi. Sentensi ya kwanza inagusa yaliyopita kwa maneno machache, kisha inaondoka. Ya pili inataja pengo kwa usahihi kiasi kwamba mwalimu wa fani anaona mwombaji ameshaanza kufikiri kama mtafiti: ametambua kwamba mama aliyekaa wodini siku nyingi huenda alikuwa mgonjwa zaidi tangu mwanzo. Ya tatu inaunganisha pengo na kozi yenyewe, bila kusifia chuo. Ya nne inaahidi kitu kinacholingana na umri wa kazi yake. Fomu fupi. Hakuna atakayecheka.

Hiyo ya tatu ndiyo huharibika kwa uvivu. Watu hunakili jina la somo kutoka rasimu ya chuo kingine, au humtaja profesa ambaye alishastaafu. Fungua ukurasa wa kozi, hakikisha somo lipo na linafundishwa kwenye programu unayoiomba. Ukikosa uhakika, taja ujuzi unaoutafuta na uache jina la somo.

Kuna kosa jingine la upande wa pili: kuingiza habari mpya kabisa mwishoni. Kama muuguzi angemalizia kwa kusema anataka pia kuchunguza lishe ya watoto, msomaji angeshangaa imetoka wapi. Mpango wa mbele lazima uwe na mzizi kwenye aya za kati. Ukikuta hauna, tatizo si mwisho bali kiini, na huko ndiko pa kurekebisha. Nikipokea rasimu yenye mwisho dhaifu, mara nyingi narudi kutafuta swali ambalo mwandishi aliliacha njiani.

Wapo wanaopenda kumaliza kwa kuirudia picha ya mwanzo, kwa mfano mkono wa bibi au taa ya chemli. Siwakatazi, mradi picha inaporudi iwe imebadilika maana kwa yaliyotokea katikati. La sivyo, ni marudio yenye mapambo.

Na fomu nyingine hazihitaji mwisho kabisa. UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya Uingereza, kwa wanaoomba kuanza masomo 2026 na kuendelea, imeacha insha moja ndefu na kuweka maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi kati ya maneno. Hapo ukijibu swali la tatu umemaliza. Mipango yako ya mbele iweke kwenye swali la kwanza, linalouliza kwa nini unataka kusoma kozi hiyo.