Sendofu Iliyodhaminiwa na Mkopo wa Haraka

Saa kumi na moja jioni dijei akapiga simu kutoka Chalinze. Gari limezima, fundi kaenda kutafuta kifaa, tuanze tu, yeye yuko njiani. Ukumbini Morogoro mapambo yalikuwa tayari, spika zipo, viti vimevishwa nguo, kilichokosekana ni muziki. Dada yangu, mama wa mwali, akageuka akanitazama. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye anko anayetembea na spika ndogo hata msibani, kwa hiyo kura haikupigwa.

Simu yangu ilikuwa na apu ya muziki, toleo la bure. Ukiwa jikoni unamenya vitunguu, toleo la bure halina ubaya wowote. Linakuchezea nyimbo, linakuwekea matangazo mawili matatu, maisha yanaendelea. Shida inaanza siku unapotaka wimbo fulani, uanze dakika fulani, mbele ya watu mia tatu walionunua sare.

Kwanza nikajaribu sauti. Fundi wa spika alitaka kusikia besi, nikamwekea wimbo. Akasema huu hauna besi, nikauruka. Unaofuata ulikuwa kwaya, nikauruka. Tukaendelea hivyo mpaka kitufe cha kuruka kikapauka, ukaja ujumbe kwamba nimefikia kikomo. Apu hiyo wakati ule iliruhusu kuruka nyimbo sita kwa saa moja. Sita zote zilikuwa zimekwenda kwenye besi, na mwali alikuwa bado anapakwa poda.

Mpwa wangu alikuwa amenipa karatasi: wimbo wa kuingilia, wa kukata keki, wa kumtafuta bwana harusi, na kadhalika kwa mpangilio. Nikatengeneza orodha kwenye apu, nikazipanga kama karatasi inavyosema, nikabonyeza. Ikaanza na wimbo wa keki. Kwenye simu, toleo la bure la apu ile wakati huo lilikuwa halifuati mpangilio wako, lilichanganya karata lenyewe. Nikajiona mjanja, nikatengeneza orodha nyingine yenye wimbo mmoja tu, ule wa kuingilia. Mmoja utauchanganya na nini? Apu ikaona orodha yangu ni fupi, ikaijazia nyimbo zake inazodhani nitazipenda, kisha ikachanganya zote. Mwali akatokea mlangoni na singeli.

Niseme ukweli, alijitahidi. Matroni wake alikuwa amemfundisha hatua za taratibu, mguu mbele, tulia, mguu mbele, tulia. Singeli haina tulia. Wakafika meza kuu kabla mpiga picha hajawasha taa, na shangazi zetu waliokuwa nyuma yao wakaingia wanakimbia kama wamechelewa basi. Emsii akaomba tuwapigie makofi kwa ubunifu.

Ikafika zamu ya mwali kumtafuta mume wake mtarajiwa. Wanaozijua sendofu wanajua sehemu hii: anazunguka meza hadi meza, anamshika huyu bega, anatikisa kichwa, siye, anasogea, ukumbi unapiga vigelegele, mpaka ampate na kumvuta katikati. Kwa bahati apu ilikuwa imetoa wimbo laini unaofaa kabisa. Akazunguka, akampata, akamshika mkono, wimbo ukaisha. Ukumbi kimya, kila mtu anasubiri aseme jina la bwana.

“Umekwama kifedha?” ikauliza sauti nene kutoka spika zote nne. “Usiteseke. Kopa sasa kwa simu yako!”

Tangazo la toleo la bure halirukwi, hata kama bado una nafasi zako sita. Nikashusha sauti ya simu hadi sifuri. Tangazo nalo likasimama, likanisubiri. Nilipopandisha likaendelea pale pale lilipoachia, likitaja riba. Upande wa bwana harusi mzee mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena akimtazama kijana wao. Emsii, Mungu ampe maisha marefu, akasema, “Bwana harusi, ndugu wa mwali wanauliza kwa upole.”

Hapo mke wangu akampigia kaka yake, shemeji yangu wa Mwanza, ambaye hulipia apu hiyo hiyo kila mwezi. Alikuwa kwenye basi kuelekea Dodoma kikazi. Akanitajia barua pepe na nywila kwa kupiga kelele, abiria wote wa basi lile sasa wanaijua. Nikatoka kwenye akaunti yangu, nikaingia ya kwake, na dunia ikabadilika. Nagusa wimbo wowote wa karatasi ile, unacheza huo huo. Naruka nitakavyo. Matangazo hakuna. Keki ikakatwa kwa wimbo wa keki, na dada yangu akanionyesha dole gumba kutoka meza kuu.

Kisha wazazi wakaanza kulisha keki, na katikati ya wimbo spika zikahamia rumba ya miaka ya sabini. Nikarudisha wimbo wetu. Rumba ikarudi. Nikarudisha tena, rumba ikarudi na sauti imepandishwa.

Akaunti ya mtu mmoja, hata ikiwa ya kulipia, inacheza sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Na kuna la ziada: simu mbili zenye akaunti moja zinaonana, ya kwanza inaweza kuiongoza ya pili. Shemeji kule basini alifungua apu, akachagua rumba yake, na kwa kuwa apu ilijua muziki unatokea simu yangu, ikaipeleka huko huko. Yeye kwenye masikio hasikii kitu, anadhani mtandao ni mdogo, anazidi kubonyeza na kuongeza sauti. Nilipompigia akaniambia, “Shemeji subiri kidogo, nashughulikia hii simu, ina matatizo.”

Kilichotuokoa ni kijana wa spika. Akasema pakua nyimbo zilizobaki, halafu ukate intaneti, huyo wa basini hatakuona tena. Kupakua ndiyo faida ya kulipia ninayoiheshimu kuliko zote. Ila nyimbo alizopakua shemeji ziko kwenye simu yake, hazikuja na nywila, ilibidi nizishushe upya kwa bando langu. Wimbo wa dakika nne hula MB chache tu kwa ubora wa kawaida, hivyo karatasi nzima ya mwali ilimezwa wakati watu wanapanga foleni ya chakula. Nikawasha hali ya ndege kwa mbwembwe. Bluetooth ikakatika nayo, na yule dada anayeishi ndani ya spika akatutangazia kwa Kiingereza. Nikaiwasha tena peke yake, hali ya ndege ikabaki. Kuanzia hapo zawadi zilitolewa, shangazi walicheza, na wazee wakasindikizwa bila wimbo hata mmoja kukatizwa.

Dijei alifika tunakunja vitambaa vya meza, ana flashi moja mfukoni, akauliza kama tumemwachia chakula.

Nilipotoa simu kwenye hali ya ndege usiku ule, ujumbe uliingia mfululizo, karibu wote kutoka kwa wifi wa mke wangu, yaani mke wa shemeji, kule Mwanza. Luninga ya nyumbani kwao imeunganishwa na akaunti ile ile. Alikuwa ameiwasha awawekee watoto nyimbo zao, akakuta sehemu ya zilizosikilizwa karibuni imejaa: wa kumkaribisha bi harusi, wa keki, wa kukabidhi mwali kwa mumewe. Na mume mwenyewe yuko Dodoma, simu yake imeisha chaji.

Akapiga kabla sijamaliza kusoma.

“Shemeji,” akasema taratibu, “wewe huwa hunifichi. Kaoa nani?”