Mkaguzi wa pili asiambiwe, aone mwenyewe

Agosti 1, 2012, saa za asubuhi New York, kampuni ya Knight Capital iliwasha programu mpya ya kupeleka oda za hisa sokoni. Kwa dakika kama 45, mfumo wake ulifanya miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460. Chanzo kilikuwa seva 1 kati ya 8: fundi alinakili programu mpya kwenye 7, ya nane ikabaki na ya zamani. Uchunguzi wa SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, ulikuta kwamba hakuna fundi wa pili aliyeipitia kazi hiyo, wala hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka aipitie.

Ndani ya seva hiyo mlilala msimbo uitwao Power Peg, ambao Knight iliacha kuutumia 2003 bila kuufuta. Programu mpya iliazima swichi ileile iliyokuwa ikiuamsha. Tena, mwaka 2005 kihesabu cha hisa zilizokwisha kununuliwa kilihamishwa, na Power Peg haikupimwa upya. Kwa hiyo seva ya nane ikawa inapeleka oda moja baada ya nyingine, isijue kwamba mteja ameshatoshelezwa.

Wengi husema dawa ni orodha ya ukaguzi na sahihi ya mtu wa pili. Nakubali, ila orodha nyingi zimeandikwa vibaya. “Programu imewekwa kwenye seva zote? Ndiyo.” Swali hilo lingepata alama ya vema hata pale Knight, kwa sababu aliyesahau hajui kuwa amesahau, na mwenzake anasoma jibu lake tu. Kila kipengele kidai kitu ambacho mashine yenyewe imekitoa, mbele ya macho ya mkaguzi, kwenye kompyuta ya mkaguzi:

```
for s in $(cat seva.txt); do
  echo "$s $(ssh -n $s 'sha256sum /proc/$(pidof router)/exe')"
done
```

Hapa `router` ni jina la programu inayokaguliwa. Amri inatoa alama ya utambulisho ya kile kinachokimbia sasa hivi, siyo ya faili lililo kwenye diski. Faili linaweza kuwa jipya huku programu ya jana ikiendelea kukimbia kwa sababu hakuna aliyeiwasha upya. Mkaguzi ahesabu mistari, kisha alinganishe alama na ile ya toleo lililopimwa. Seva isiyojibu itaonyesha jina lake tu bila alama, na hapo uzinduzi unasimama.

Je, `seva.txt` imetoka wapi? Kama ameiandika fundi yuleyule, seva aliyoisahau wakati wa kunakili ataisahau humo pia. Mkaguzi aitengeneze mwenyewe, kutoka orodha ya miunganisho iliyo wazi upande wa dalali au wa soko. Nikilazimishwa kubakiza kipengele kimoja tu, nitabakiza hiki.

Kikomo cha kiasi cha biashara nacho kisisomwe kwenye karatasi. Akaunti iliyopokea mzigo ule wa Knight ilikuwa na kikomo, lakini hakikufungwa kwenye kidhibiti chochote cha kuzuia oda. Kwenye mazingira ya majaribio, mkaguzi ashushe kikomo hadi hisa 1, atume oda ya hisa 2, na aone inakataliwa. Ikipita, kikomo hicho ni pambo.

Kisha kuna kurudi kwenye toleo la zamani. Siku ile mafundi waliondoa programu mpya kwenye zile seva 7, swichi ikiwa bado imewashwa. Power Peg ikaamka kwenye zote. Mpangilio sahihi ni kukata muunganisho, kufuta oda zilizo wazi, kisha ndipo kugusa programu. Mkaguzi aufanye kwa mikono yake siku moja kabla, na ingawa si yeye aliyeandika msimbo, aweze bila kuuliza. Na liandikwe jina la mtu mmoja atakayesoma tahadhari kabla ya soko kufunguliwa: Knight ilipata barua pepe 97 za mfumo kuanzia saa 2:01 asubuhi, zikitaja Power Peg, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Anayeendesha roboti ya biashara kwenye programu ya MetaTrader peke yake nyumbani hana seva 8, ila rafiki mmoja anatosha. Afungue maelezo ya alama ya dhahabu kwenye akaunti halisi, siyo ya majaribio, asome ukubwa wa mkataba. Ukiwa wakia 100 kwa loti 1, loti 0.01 ni wakia 1, na dola 10 za mwendo wa bei ni dola 10 za faida au hasara. Rafiki apige hesabu hiyo kabla hujamwambia jibu lako.