Jedwali la joto halijui kwamba wewe ni mkimbiaji wa Dar

Mashindano ya mbio mjini Moshi yakikaribia, magrupu ya wakimbiaji wa Dar huanza kurushiana jedwali la kupunguza mwendo kwa ajili ya joto na lingine la mwinuko. Mtu anachukua muda wake wa kawaida, anaongeza asilimia zilizoandikwa, anapata muda wa kulenga. Kanuni hizo si mbaya, na mimi nazitumia. Kinachonikera ni kwamba zinamchukulia msomaji kama mtu aliyepata muda wake kwenye baridi, usawa wa bahari. Usawa wa bahari tunao. Baridi hatuna. Muda wetu tumeupata Coco Beach na Daraja la Tanzanite, na joto tayari limo ndani yake.

Tuanze na kanuni yenyewe, ile inayotumika sana. Unajumlisha joto la hewa na joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi kulifikia, mvuke wake unaanza kugeuka matone. Kwenye simu tafuta palipoandikwa Dew point. Kanuni ya asili ni ya farenihaiti, lakini ukiigeuza kwa selsiasi inakuwa hivi: jumla ikiwa 20 au chini, usipunguze kitu. Ikifika 37 mwendo unapungua kwa karibu asilimia 2, ikifika 48 ni asilimia 4 na nusu, 53 ni 6, 59 ni 8. Ikivuka 64, kanuni inasema usikimbie kwa nguvu kabisa.

Kwa nini umande na si ile asilimia ya unyevu? Kwa sababu asilimia ya unyevu hupanda alfajiri na kushuka mchana hata kama kiasi cha mvuke hewani hakijabadilika, na jasho linajali kiasi cha mvuke. Mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita 10 kwa saa anazalisha joto ambalo, ili liondoke kwa jasho peke yake, inabidi karibu lita nzima ikauke kwenye ngozi kila saa. Ikauke, sio idondoke. Jasho linalochuruzika kwenye viwiko na kulowanisha soksi halijampoza mtu. Umande ukiwa nyuzi 24, kama ilivyo kawaida hapa Februari, hewa imeshajaa mvuke kiasi kwamba sehemu kubwa ya jasho inaishia kudondoka.

Sasa tuchukue mkimbiaji wa nusu marathoni ambaye wiki hizi anamaliza kwa saa 2 kamili hapa Dar, yaani dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Alfajiri ya Februari joto ni kama nyuzi 26 na umande 24, jumla 50, sawa na karibu asilimia 5. Anakwenda Moshi. Tuseme asubuhi ya mashindano kule ni nyuzi 20 na umande 17, jumla 37, asilimia 2. Mwinuko wa Moshi ni mita 850 hivi, na kwa mbio ndefu kadirio la kawaida ni kupoteza asilimia 2 hadi 3 kwa kila mita 1,000. Tumpe asilimia 2.

Anayefuata jedwali bila kufikiri anaongeza asilimia 2 za joto na 2 za mwinuko juu ya muda wake wa Dar, anapata saa 2 na karibu dakika 5. Hiyo ni kulipa joto mara mbili. Hesabu sahihi ni kwanza kuondoa joto la Dar: saa 2 ukigawanya kwa 1.05 unapata saa 1, dakika 54 na sekunde 17. Huo ndio muda wake wa kwenye baridi. Sasa zidisha kwa 1.02 ya joto la Moshi, kisha kwa 1.02 ya mwinuko: saa 1, dakika 58 na sekunde 54. Tofauti na muda wake wa Dar ni kama dakika moja, sekunde 3 kwa kilomita, na saa ya mkononi yenyewe inaweza kukosea zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, kwa mtu wa Dar, ubaridi wa Moshi na mwinuko wake vinakaribia kufutana.

Muda huo wa Dar lazima uwe wa msimu huohuo. Ukichukua rekodi yako ya Julai, wakati wa kusi, alfajiri ya nyuzi 20 na umande 18, cha kuondoa ni asilimia 2 tu. Ukiondoa 5 umejipa kasi usiyokuwa nayo, na utaijua kilomita ya 14.

Halafu kuna kitu ambacho majedwali yote mawili hayakioni: mlima. Njia ya nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka. Kwa mkimbiaji wetu, kila mwinuko wa mita 1 kwa mita 100 unakula sekunde 10 hadi 12 kwa kilomita, na mteremko unarudisha zaidi ya nusu kidogo tu. Kubishana kuhusu sekunde 3 za joto na mwinuko huku huna mpango wa kupanda mlima ni kupoteza muda.

Kadirio la mwinuko nalo lina mipaka yake. Moshi hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 10, lakini mwendo haushuki kwa asilimia 10 kwa sababu damu bado inaweza kujaza oksijeni vizuri katika urefu huo. Ukipanda zaidi, kinga hiyo inaisha na hasara inakua haraka. Mexico mwaka 1968, mita 2,240, Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27:39.4. Pengo ni asilimia 6 na nusu. Sehemu yake ni mbinu za fainali, kwa hiyo hata namba hiyo usiibebe kama kipimo. Ila inatosha kukuonya usichukue asilimia 2 za Moshi ukazipeleka Mbeya, kwenye mita 1,700.

Upande wa joto, upungufu mkubwa kuliko wote ni jua. Namba za simu ni za kivulini. Mchana wa Dar, nyuzi 32 na umande 25, jumla ni 57, na jedwali litakwambia punguza asilimia 7 tu kana kwamba hakuna hatari. Juu ya lami, saa saba mchana, hatari ipo na ni kubwa. Ndiyo maana waandaaji makini hutumia kipimo chenye globu nyeusi ya kunasa jua na kipimajoto cha kitambaa chenye maji. Upepo nao haumo. Ukienda na upepo unaokaribia kasi yako, hewa inasimama kwenye ngozi na jasho halikauki. Ukigeuza, mwendo uleule unakuwa mwepesi. Na asiyezoea joto, kama anayefanya mazoezi yote kwenye tredimili chini ya kiyoyozi, anahitaji siku 10 hadi 14 za kukimbia nje kabla jedwali halijamhusu.

Kwa hiyo namba itumie kwa kilomita 3 za kwanza, kisha angalia mapigo ya moyo. Kama kilomita ya 5 tayari yako pale ambapo kwa kawaida huyafikia kilomita ya 17, punguza mwendo kwa sekunde 10 kwa kilomita hapohapo, jedwali liseme lisemavyo. Ukihisi baridi na vipele vya ngozi kusisimka kwenye joto, au ukianza kuyumba na kuchanganyikiwa, simama. Anayekusaidia akumwagie maji mengi na barafu papo hapo, kabla ya safari ya hospitali.