Wasifu uanze na siku ambayo mtu angeweza kufanya vingine

Ukihudhuria warsha yoyote mjini, utamsikia mshereheshaji akimkaribisha mtoa mada kwa maneno ambayo umeshayasikia: ni mtaalamu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini, mchapakazi, mwadilifu, mwenye kujituma. Ukumbi unapiga makofi ya heshima na watu wanarudi kwenye simu zao. Mtoa mada mwenyewe huenda ni mtu wa ajabu kweli, lakini hakuna aliyejua, kwa sababu maneno yale yale yalisomwa kwa mtu wa kabla yake.

Nimeandikia watu wengi wasifu mfupi, ule wa maneno 120 hadi 150 unaosomwa kabla ya mtu kupanda jukwaani au kuchapwa nyuma ya kijitabu cha mkutano. Msimamo wangu ni kwamba wasifu wa namna hiyo uanze na kisa kimoja cha kweli, kifupi, halafu ndipo zije shahada na vyeo. Lakini si kila kisa kinafaa, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kisa cha dhiki. Mtu akiombwa kisa, haraka sana anasema alikuwa akitembea kilomita kumi kwenda shule, pekupeku, na kusomea koroboi. Sikidharau kisa hicho, maana wengi wetu tumekiishi. Ila kinaeleza hali aliyoikuta, hakielezi yeye ni nani. Darasa zima lilitembea njia ile ile. Tabia inaonekana pale ambapo palikuwa na njia mbili, ile nyepesi ilikuwa wazi wala hakuna ambaye angemlaumu, naye akachukua nyingine.

Mfano ambao Watanzania wengi tunao moyoni ni wa John Stephen Akhwari. Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka katikati ya mbio akaumia goti. Wakimbiaji 75 walianza siku ile, waliofika mwisho ni 57, na yeye ndiye wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Angalia hizo namba mbili za kwanza, 75 na 57. Watu 18 hawakumaliza, na sijawahi kusikia mtu akiwalaumu. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kwake pia. Ndiyo maana kisa kile kina nguvu hata leo, na ndiyo maana unaweza kukisema kwa sentensi mbili: alianguka, akafunga bendeji, akaingia uwanjani akichechemea wakati watazamaji wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza.

Jibu lile husimuliwa na idadi ya maili alizotumwa. Wengine husema 5,000, wengine 7,000. Mimi ningekuwa ninaandika wasifu wake ningeiacha namba hiyo nje, kwa sababu mbili kwa pamoja: inatofautiana kati ya msimulizi na msimulizi, na jibu halipungui kitu bila hiyo. Mara nyingi unachokitilia shaka ndicho hicho hicho kinachokirefusha kisa.

Kisa chake kinatufundisha pia kikomo cha jambo hili. Wengi wanaomjua Akhwari hawajui kwamba miaka miwili baadaye, 1970, alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu kabisa, lakini kisa kimemfunika, watu wanamkumbuka kama mtu aliyevumilia tu. Kwa hiyo sentensi inayofuata mara baada ya kisa isiachwe ipotee kwenye tarehe ya kuzaliwa na shule ya msingi. Iseme kazi yake, na iiseme kwa kipimo.

Sasa niwaonyeshe nilivyofanya kwa mtu mmoja, kwa idhini yake. Ni fundi wa pampu za maji za mkono vijijini. Alikuwa anakwenda kufundisha kwenye mafunzo ya kamati za maji, na waandaaji walitaka wasifu wa maneno yasiyozidi 130. Nilimuuliza maswali mawili tu: ni lini ulikataa kitu ambacho ungeweza kukipokea, na ni kazi gani ulirudia wakati hakuna aliyekulazimisha? Swali la “nieleze tabia yako” siliulizi kamwe, maana kila mtu hujibu kwa vile vile vivumishi vya mshereheshaji.

Akanisimulia. Mvua zilikuwa zimechelewa, mwenyekiti wa kijiji akampigia simu mara tatu, akapanda basi, kisha bodaboda, pancha njiani, akafika saa kumi jioni, akakuta foleni ya ndoo. Akatengeneza pampu. Wakati wa kulipwa akakataa pesa mpaka wanawake wawili wa kamati ya maji waifungue na kuifunga pampu ile wenyewe. Wakafanya hivyo, maji yakatoka, wote wakashangilia, akalipwa. Nilipoyaandika kama alivyoyasema, yalikuwa maneno 140. Wasifu mzima ulikuwa umeshakwisha kabla sijataja kazi yake.

Kupunguza kunakuwa rahisi ukishajua njia panda iko wapi. Hapa iko pale mhazini anaponyoosha mkono wenye pesa. Fundi anaweza kuzipokea na kuondoka, na pampu ikiharibika tena ataitwa yeye, atalipwa tena. Kumbe anachokifanya kinampunguzia riziki. Basi kisa kianzie hapo. Mvua, simu, basi, bodaboda na pancha vyote viliondoka, japo pancha ile aliisimulia vizuri sana na iliniuma kuiacha. Sikubakiza “siku moja”, wala “nakumbuka”, wala jina la wilaya.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia ukikiachia. Kitenzi chenye kiambishi -ka- kinabeba mtu, wakati na mfuatano ndani ya neno moja: akazikataa, akaifungua, akawapa. Anayeandika “baada ya hapo fundi huyo aliamua kuchukua hatua ya kuzikataa fedha hizo” ametumia maneno kumi na mawili kwa kazi ya neno moja. Ukiona “aliamua”, “alifanikiwa” au “hatua ya”, futa uone kama kuna kilichopungua.

Kabla ya kukabidhi, nikampigia mmoja wa wale wanawake. Siruki hatua hii. Kisa kimoja kikikutwa na uongo mbele ya ukumbi, watu hawaamini tena hata cheti. Nilimwomba anisimulie yeye kwanza, bila kumsomea nilichoandika, kwa sababu ukimsomea mtu atakubali tu kwa adabu. Na alinisahihisha. Maji hayakutoka siku ile. Walikuwa wamevalisha mpira wa pistoni juu chini, wakapiga mkono mpaka giza likaingia, kavu. Fundi hakushika spana. Akaomba mahali pa kulala, na asubuhi wakaifungua tena, wakauona mpira wenyewe, wakaugeuza.

Fundi alipoulizwa akacheka, akasema kweli, alikuwa ameshasahau. Kumbukumbu yake ilikuwa imeisawazisha hadithi. Ile ya kweli ilikuwa bora kuliko ile laini, maana sasa alikuwa amekataa mara mbili, pesa kwanza, kisha usingizi wa nyumbani kwake. Hii ndiyo iliyobaki:

“Pampu ya kijiji ilikuwa imeshaanza kutoa maji, na mhazini ameshahesabu pesa. Fundi akazikataa. Akaifungua upya, akawapa spana wanawake wawili wa kamati ya maji. Jioni waliifunga, maji hayakutoka. Akalala kijijini. Asubuhi waliifunga tena, yakatoka, ndipo akapokea malipo yake.”

Ni maneno 37. Nilikisoma kwa sauti nikiwa na saa ya simu, kikachukua kama sekunde ishirini. Katika wasifu wa maneno 130 hiyo ni chini kidogo ya theluthi, na kwangu theluthi ndiyo mpaka. Kikivuka hapo kisa kimegeuka hadithi, na ukumbi unaanza kusubiri mwisho wake badala ya kumsubiri mtu. Sentensi iliyofuata ilisema ni fundi sanifu wa maji, miaka aliyofanya kazi, na idadi ya vijiji ambavyo sasa vinatengeneza pampu zao bila yeye. Namba hiyo ya vijiji ingekuwa takwimu tu kama ingetangulia. Ikija baada ya kisa, msikilizaji anaijua ilivyopatikana.

Waandaaji walipoupokea walitaka kuongeza sentensi moja: “Tukio hili linadhihirisha moyo wake wa kujitolea na uzalendo.” Niliwaomba, kwa msisitizo, waiache. Msikilizaji aliyeona fundi akilala kijijini ameshafikia neno lake mwenyewe, na pengine si kujitolea. Pengine ni ukaidi, au imani kwa wale wanawake. Ukimpa neno lako unamnyang'anya lake. Kisa kinachohitaji maelezo baada yake kimekosewa kuchaguliwa, na dawa ni kutafuta kingine, si kuongeza mkia.

Kuna mahali ambapo situmii kisa. Barua ya maombi ya kazi inayokwenda na fomu ina nafasi zake zilizopangwa. Wasifu wa maneno 40 chini ya makala hauwezi kubeba kisa na kazi pamoja, basi ibebe kazi. Na kisa ambacho ushujaa wa mhusika unasimama juu ya aibu ya mtu mwingine, mgonjwa, mwanafunzi, mteja aliyekuja akilia, hicho sikigusi hata kikiwa kizuri namna gani, kwa sababu mtu huyo hakuombwa kuwa mfano, na kijijini au kazini atatambulika hata bila jina.

Hilo la mwisho lilikuja hata kwa fundi wetu. Ule mpira uliovaliwa juu chini ningeweza kuutaja, ni jambo la kupendeza kwa wanaojua pampu, lakini ungewaacha wanawake wale wakikumbukwa kwa kosa. “Maji hayakutoka” ilitosha. Nilipomsomea fundi toleo hilo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini wao ni “wanawake wawili” tu wakati yeye ndiye anayetajwa. Tukawapigia simu wote wawili kuomba ruhusa. Walikubali, na kisa kikaongezeka maneno manne, majina yao na ya baba zao.