Ujumbe wa mkopo uliokatika: tutaje kiasi au tusubiri?

"Habari ya asubuhi dada. Mimi ni dereva wa boda hapa Busia, naendesha pikipiki ya tajiri. Sasa nimepanga kununua yangu. Kitambulisho ninacho, na mdhamini mmoja yupo. Nilikuwa nataka kujua, mkopo wenu naweza kupata"

Anayekaa kwenye dawati la mikopo la SACCO hupokea ujumbe wa namna hii mara nyingi. Huenda salio liliisha, huenda abiria alifika, au mwandishi hakujua aendelee vipi. Pengine alitaka kuuliza shilingi ngapi, pengine kwa muda gani, pengine anaweza kupata bila kuwa mwanachama. Mpokeaji mwenye uzoefu huijaza sentensi hiyo kichwani kabla hata hajamaliza kuisoma: boda, basi ni milioni kadhaa, mwaka mmoja, marejesho kila mwezi. Kisha anaandika kiasi. Madereva wengi waliomtangulia huyu waliomba hivyohivyo, kwa hiyo anaona hajabuni chochote.

Wanaotetea kujibu kwa kiasi wana hoja nzito, na siipuuzi. Mkopaji wa kipato kidogo amezungushwa vya kutosha. Akiuliza bei anaambiwa "njoo ofisini", na akienda amepoteza nusu siku ya kazi huku hesabu ya tajiri ikimsubiri jioni. Wako wakopeshaji wanaoficha gharama kwa makusudi ili mtu afike, akae kitini, aone haya kuondoka. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha inagusa jambo hilohilo: inazitaka taasisi zilizo chini yake zimweleze mteja riba na ada waziwazi kabla hajafunga mkataba. Kwa macho ya dereva, afisa asiyetaja shilingi hata moja hana tofauti na wale wanaoficha.

Upande wa pili unasema kwamba kiasi kikishatajwa hugeuka ahadi, hata ukikizungushia maneno ya tahadhari. Dereva atalikumbuka lile la "laki tatu na tisini kwa mwezi". Neno "takriban" lililotangulia halitamkaa kichwani. Atamwambia mke wake, atamwambia muuza pikipiki, na pengine atauza mbuzi ili apate pesa ya kutanguliza. Wiki tatu baadaye anaketi mbele ya karatasi inayosema kitu kingine.

Naegemea upande huu wa pili, na hesabu moja inaonyesha kwa nini. Chukua mkopo wa mfano wa shilingi milioni 4 kwa miezi 12, riba asilimia 2.5 kwa mwezi. Ukimtajia mtu hayo matatu, atadhani amejua kila kitu. Lakini kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, ile ambayo watu wa kazi hii huiita flati, riba ya mwaka ni milioni 1.2 na rejesho ni shilingi 433,333 kila mwezi. Kama inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu, rejesho linashuka hadi karibu 390,000, na riba yote haifiki 680,000. Mkopo ni uleule na asilimia ni ileile, ila kati ya hesabu hizi mbili kuna zaidi ya nusu milioni. Hiyo flati ya 2.5, ukiigeuza iwe riba ya deni linalopungua, inakuwa takriban asilimia 4.3 kwa mwezi. Kwa hiyo afisa anaweza kutaja asilimia iliyo sahihi kabisa kwenye karatasi za chama na bado akampotosha dereva, kwa kuwa ameacha kusema inahesabiwa juu ya nini.

Hapo hatujagusa pesa zinazokatwa mwanzoni. Kama ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 2, kwenye milioni 4 ni shilingi 80,000, na mahali pengi hutolewa kabla mkopaji hajapewa chochote. Ikiwa pesa zitaingia kwenye simu, akizitoa kuna makato ya kampuni pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa, yaani 20,000 kwa kila milioni 4. Muuza pikipiki anadai bei kamili, na dereva anafika akiwa na pungufu. Pungufu hilo ndilo linalompeleka kwa mkopeshaji wa pili, siku ileile.

Busia ina tatizo lake jingine. Mji umekaa juu ya mpaka, shilingi mbili zinapita kwenye mikono ileile, na shilingi moja ya Kenya ni karibu 28 za Uganda. Mtu akiandika kwa Kiswahili "nataka kama laki mbili", mimi simwulizi muda wala dhamana kabla sijajua ni laki mbili za upande gani. Laki mbili za Uganda haziikaribii bei ya pikipiki. Laki mbili za Kenya zinaweza kutosha kununua pikipiki.

Basi asiambiwe kitu? Hapana. Upande wa pili unakosea pale unapofanya tahadhari kuwa kimya. Yako mengi yasiyotegemea kiasi wala muda, na hayo anastahili kuyapata leo, kwa maandishi, bila kupanda gari. La kwanza ni kama anastahili kukopa. SACCO inakopesha wanachama wake, na kwa kawaida ukubwa wa mkopo unafungamana na akiba ya mtu. Kama dereva huyu si mwanachama, hilo ndilo jibu la swali lake, na kiasi chochote ambacho angetajiwa kingekuwa cha mtu mwingine. Kisha kuna nyaraka: kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, wadhamini wangapi, na kwamba logibuku, yaani hati ya umiliki wa pikipiki, itashikiliwa mpaka deni liishe. Mwisho ni namna riba inavyohesabiwa na ni ada zipi zinazokatwa mwanzoni. Asilimia yenyewe, kama imebandikwa ukutani ofisini, iandikwe ikiwa na tarehe yake na aina ya mkopo inayohusika.

Tahadhari hiyo ya aina ya mkopo inahusu hata tarakimu za sheria. Mwaka 2024 waziri wa fedha aliweka ukomo wa riba wa asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji binafsi wenye leseni. Nimesikia watu wakiutaja ukomo huo kana kwamba ndiyo bei ya mkopo popote Uganda. Ni ukomo kwa kundi moja la wakopeshaji. Hausemi benki inatoza ngapi, wala SACCO, wala kampuni inayotoa pikipiki kwa malipo ya kila wiki.

Kuhusu swali la kumrudishia dereva, wengi huandika "unahitaji shilingi ngapi?" Naliona swali dhaifu. Mtu asiyejua atapewa ngapi hutaja kiasi kikubwa akitarajia kupunguziwa, au kidogo kwa woga wa kukataliwa, na vyote viwili vinaharibu hesabu. Afadhali aulizwe yale anayoyajua kweli: pikipiki aliyoiona inauzwa bei gani, na mkononi ana akiba kiasi gani. Tofauti ya hayo mawili ndiyo mkopo. Muda utatoka kwenye swali jingine, la siku mbaya: baada ya mafuta na pesa ya tajiri, anabaki na shilingi ngapi? Siku nzuri haisaidii hesabu hii, kwa sababu rejesho lazima lilipike hata wiki ya mvua.

Jibu zima linaweza kuwa fupi hivi:

"Habari kaka. Ujumbe wako umekatika baada ya 'naweza kupata', kwa hiyo sitakisia. Mkopo wa boda tunao, kwa wanachama. Kama si mwanachama, unaanza kwa kujiunga na kuweka akiba. Utahitaji kitambulisho, barua ya LC1 na wadhamini wawili. Una mmoja, bado mmoja. Logibuku inakaa kwetu hadi umalize. Riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, na kuna ada inayokatwa mwanzoni. Rejesho siwezi kulitaja kabla sijajua haya: pikipiki uliyoiona ni bei gani kwa shilingi za Uganda, na una akiba ngapi mkononi? Ukipenda, niambie saa ya kukupigia."

Mwenzangu mmoja hupinga kwamba jibu kama hilo bado linamnyima mtu kipimo: hajui kama ni elfu hamsini au laki tano kwa mwezi, na huenda akakata tamaa bure. Nakubali kwamba hilo lina uzito. Mfano unaweza kumsaidia, mradi uwe na kila kitu ndani yake: kiasi, muda, namna ya riba, ada, na neno wazi kwamba si mkopo wake. Ninachokataa ni ile hali ya katikati, rejesho tupu bila misingi yake. Mfano kamili unakaguliwa, na dereva mwenyewe anaweza kuona kwamba alitaka miezi 18 wakati mfano ni wa 12. Rejesho tupu hakuna wa kulikagua.

Kwenye bima shida inafanana lakini inajificha mahali pengine. Mwenye gari akiuliza "bima ya gari ni ngapi" kisha akanyamaza, kinachokosekana si thamani ya gari peke yake. Bima ya lazima ya kulinda watu wengine barabarani haihesabiwi kwa bei ya gari, ila bima kubwa, inayolinda na gari lenyewe, inahesabiwa hivyo. Matumizi nayo yanabadilisha ada: gari lile lile likibeba abiria kwa malipo si sawa na likibeba familia. Na hapa mpakani kuna la ziada: gari likivuka kwenda Kenya linahitaji kadi ya njano ya KOMESA, ambayo ni bima ya kuvukia mpaka. Ukimtajia bei kabla ya kuuliza kama anavuka, unaweza kuwa umemuuzia bima inayoishia getini.

Turudi kwa dereva. Tuseme anajibu mchana: pikipiki milioni 5.2, akiba milioni 1.2, siku mbaya anabaki na elfu ishirini. Mkopo ni milioni 4, na mtu anayepata pesa kila siku ni rahisi kwake kulipa kila wiki. Kwa masharti yale ya mfano, kwa wiki 52, flati inampa 100,000 kwa wiki, na riba ya deni lililobaki karibu 89,000. Wiki mbaya ya siku sita inampa 120,000. Sasa afisa anaweza kutaja kiasi, akiandika ni kwa hesabu ipi, ada ni ngapi, pesa zitakazofika mkononi ni ngapi, na kwamba kamati ya mikopo bado haijaamua.