Kongoti na Maana ya Maisha

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, akapangiwa kozi ya uhasibu chuoni, kisha akanyamaza. Dada yangu alipoona kimya hicho kimezidi, alinipigia simu akaniomba nimtoe kijana nje kidogo, nimlishe, nimsikilize. Nikampeleka Dunga, kule ufuoni Kisumu, ambako samaki hukaangwa hatua chache kutoka maji yalipo. Bahati mbaya tulikutana njiani na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu wa heshima kubwa mtaani kwetu na wa maneno mengi kuliko heshima hiyo, naye akasema kwamba angependa sana kuonja ngege siku ile.

Tuliketi nje, chini ya mti. Mama wa samaki, ambaye kila mtu pale humwita Nyar Asembo, alituletea ngege mmoja mkubwa kwenye sinia, ngozi yake ikiwa imechanjwa kwa kisu na bado inatoa mvuke, pamoja na ugali, sukuma wiki na kachumbari. Tulinawishwa mikono. Mwalimu akatuombea kwa kifupi cha kushangaza, na mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono kuelekea mkiani, pale mpwa wangu alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Mjomba,” aliuliza, “hivi maana ya maisha ni nini hasa?”

Nilipumua ili nimjibu, lakini Mwalimu aliinua kiganja kilicholowa maji. “Swali zuri sana,” alisema. “Tuanze na Wayunani.”

Kwetu kijana hamegi ugali mzee akiwa katikati ya hoja, na mimi, japo nina mvi, mbele ya Mwalimu bado ni kijana. Tulikaa mikono ikitukaukia. Alianza na Aristotle, aliyeuliza ni lipi jema la juu kabisa ambalo binadamu anaweza kulifikia kwa matendo yake, akajibu kuwa ni kuishi vyema kwa akili na maadili maisha mazima. Akavuka hadi kwa Mhubiri wa Biblia, aliyeona kuwa mambo yote ni ubatili. Kutoka hapo aliruka hadi Ufaransa, mwaka 1942, kwa Albert Camus, aliyemchukua Sisifo wa hadithi za Wayunani, mtu aliyehukumiwa kusukuma jiwe hadi kileleni milele na milele huku likibingirika chini kila mara, akasema kwamba hata huyo ni lazima tumwone kuwa mwenye furaha.

Kila alichokisema kilikuwa sahihi, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ukiwasikiliza watu hao kwa makini, utagundua kuwa hawakuwa wakijibu swali moja. Aristotle hakujishughulisha hapo na kwa nini binadamu wapo duniani. Alitaka kujua mtu aendesheje siku zake. Mhubiri alikuwa akipima kama jasho letu linaacha faida yoyote chini ya jua. Camus naye alianzia mahali pengine kabisa: je, kuishi kunastahili ikiwa ulimwengu haujibu tunapouuliza sababu? Mtu akikumiminia majibu hayo yote kwa mpigo, atakuachia maswali matatu yasiyo yako, na lile ulilokuja nalo litabaki palepale lilipokuwa. Niliuona uso wa mpwa wangu ukijifunga taratibu tulipofika Ufaransa.

Mwalimu hakuuona, kwa sababu alikuwa amesimama ili atuonyeshe jinsi Sisifo alivyosukuma jiwe. Aliinama, akaweka mabega yake dhidi ya hewa, akaanza kupanda mlima huku akihema kwa dhati. Wakati huohuo kongoti mmoja, mwenye kichwa cha upara na mfuko wa nyama ukining'inia shingoni, alikuwa akitusogelea kutoka upande wa majalala kwa mwendo wa karani anayejua kwamba bosi wake hayupo. Ndege huyu husimama karibu mita moja na nusu, kwa hiyo meza yetu kwake ilikuwa ya kimo kinachofaa kabisa. Jiwe la Mwalimu lilipofika kileleni na yeye kulipa kisogo sinia ili alitazame likibingirika, mdomo ule mrefu ulishuka mara moja tu. Ngege aliondoka akiwa mzima, kichwa, mkia na kachumbari kiasi. Mwalimu aliruka nyuma, akakanyaga beseni la kunawia, akaketi ndani yake.

Nyar Asembo alikuja mbio na mwiko, akamfukuza ndege ambaye alikuwa amekwisha kupaa, kisha akatutazama kwa zamu: mstaafu ndani ya beseni, mimi nikiwa na mikono safi, kijana akijizuia kucheka.

“Mlikuwa mnafanya nini muda wote huo na samaki amepoa mbele yenu?”

“Nilikuwa nimeuliza maana ya maisha, Mama,” alijibu mpwa wangu.

Alifikiri kidogo huku akipangusa mwiko kwa kitenge. “Watu wa kwetu husema ni boma na watoto,” alisema. “Mimi naona ni kupata kazi ambayo ikikushinda leo, kesho utaamka unaitaka tena. Sasa wewe, mwanangu, unauliza kwa nini tulizaliwa, ama unauliza ufanye nini ukitoka hapa?”

Hayati Profesa Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa akiwahoji wazee wenye hekima, akiwemo Paul Mbuya Akoko wa kwetu Nyanza, na aliwatofautisha wale wanaosimulia yale ambayo jamii husema na wale wanaoyapima kwa akili zao wenyewe. Nyar Asembo alikuwa amefanya yote mawili kwa pumzi moja, huku ameshika mwiko. Zaidi ya hayo alimwachia kijana milango miwili achague. Kama angeuliza tu, “Kwa nini unauliza?” bila kutoa neno lake kwanza, nina hakika mpwa wangu angesema, “Basi tu,” na mazungumzo yangefia hapo, maana vijana wa umri ule hulisikia swali hilo kama polisi anayeomba kitambulisho.

“La pili,” alisema mpwa wangu. “Nimepangiwa uhasibu. Mama amefurahi sana. Lakini mimi nataka kujifunza kutengeneza injini za maboti.”

“Injini ipi imewahi kukushinda?” aliuliza Nyar Asembo.

Hapo kijana akafunguka. Kulikuwa na moja ya jirani iliyokuwa ikizimika kila ikifika katikati ya ziwa. Alisafisha plagi, haikusaidia. Akakagua mpira wa mafuta, akakuta ufa mwembamba unaoingiza hewa. Alieleza hayo yote akichora mezani kwa kidole chenye maji, na sikumbuki lini nilimsikia akisema maneno mengi hivyo. Tulikubaliana kwamba dada yangu angeelezwa jioni, nami niwepo.

Ilibaki hesabu ya samaki. Mwalimu, akijikamua suruali, alidai kwamba mteja hawezi kulipia mlo ulioliwa na mwingine. Nyar Asembo alimjibu kuwa kongoti yule hana akaunti kwake, na kwamba kelele za mwalimu ndizo zilizomwalika kwenye somo. Nikalipa. Ngege wa pili aliletwa akiwa moto, tukahamia ndani, tukanawa upya.

“Kwa habari ya injini,” alianza Mwalimu, akikunja mikono ya shati, “haiwezekani kuzielewa bila kwanza kurudi kwenye siku binadamu alipogundua moto.”

Mimi na mpwa wangu tulitia mikono siniani kwa pamoja, na alipofika kwenye gurudumu tulikuwa tumebakiza kichwa.